Trekta la jirani: andikeni zamu, msiandike tarehe

*Shikamoo mtaalamu. Naishi Kirua Vunjo, shamba langu la mahindi liko huku chini, upande wa Uchira. Jirani yangu wa shambani ana trekta na kila msimu ananilimia kwa makubaliano ya mdomo. Msimu uliopita alikuja wiki mbili baada ya mvua kuanza. Diski ya plau ikavunjikia kwangu, akanidai laki na nusu. Mwisho akasema shamba si ekari 8 kama ninavyolijua, ni 9 na nusu. Sitaki ugomvi naye, ni mtu wa kuzikana. Safari hii nataka tuandikiane. Tuandike nini?*

Marahaba. Anzeni na zamu, maana ndiyo inayobeba mengine yote. Watu wakiandikiana kuhusu trekta huandika tarehe: "litakuja tarehe 20 Machi." Tarehe hiyo haishiki, kwa sababu mvua haikutia sahihi. Masika ya huku kwetu kwa kawaida huanza ndani ya Machi, lakini wiki yenyewe hubadilika mwaka hadi mwaka. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa mwelekeo wa masika hutaja wiki, haitaji siku. Ukimfunga jirani yako kwa tarehe 20 na mvua ikaanza tarehe 12, atakuja tarehe 20 akiwa na karatasi mkononi, wewe ukiwa umechelewa. Mvua ikianza tarehe 28, trekta litafika kwenye ardhi kavu na mtabishana kama amefika au hakufika.

Kinachoshika ni nafasi yako kwenye foleni, na foleni ipimwe kwa ekari. Plau la diski tatu, nyuma ya trekta la ukubwa wa kawaida wa haya tunayoyaona Himo na Kahe, hulima kama ekari moja kwa saa, ukijumlisha kugeuka mwisho wa mstari, kujaza dizeli na dereva kunywa chai. Kwa siku nzima hiyo ni ekari 6, siku njema 7. Haro huenda haraka zaidi, ekari 12 kwa siku si ajabu. Sasa tuseme jirani yako ana ekari 10 zake mwenyewe, kuna mama mmoja wa ekari 5 aliyewahi kabla yako, halafu unafuata wewe na zako 9.7 (nitakueleza namba hiyo imetoka wapi). Jumla ni ekari 24.7. Kwa plau ni siku nne na kidogo, kwa haro ni siku mbili na kidogo. Kazi ya siku sita na zaidi, kabla hajapokea simu ya mtu mwingine hata mmoja.

Siku sita hizo si za kalenda. Mvua nzito ikipiga usiku, udongo wenu wa uwandani hauingiliki kesho yake, na pengine hata keshokutwa. Kwa hiyo siku sita za kazi zinageuka kirahisi kuwa wiki mbili za kalenda. Sisemi jirani yako hana kosa, sikuwepo. Nasema kwamba hata angekuwa mwaminifu kama mzee wa kanisa, kwa mpangilio ule wa kulima na kupiga haro vyote baada ya mvua, wiki mbili zingeweza kupita tu.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kuzitenganisha kazi hizo mbili kwenye mkataba. Plau lipite kavu, mwishoni mwa Januari au Februari, wakati matrekta mengi yamesimama na vijana wanacheza bao. Hapo unaweza kabisa kuandika tarehe, kwa sababu hakuna mvua ya kuivuruga: "kati ya tarehe 1 na 20 Februari." Haro peke yake ndiyo isubiri mvua ya kwanza, nayo ndiyo iingie kwenye foleni. Kwa mfano wetu, foleni ya siku sita imeshuka kuwa ya siku mbili na kidogo. Ubaya wake ni kwamba ardhi kavu ni ngumu. Diski huimudu vizuri kuliko plau la jembe la kupindua, lakini bado itakula dizeli zaidi, italiwa zaidi yenyewe, na mabonge yatakuwa makubwa. Jirani yako akitaka nyongeza kidogo kwa ekari kwa kulima kavu, mpe, hajakuonea. Kama sehemu ya shamba lako ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa za kuingiza mkono, sehemu hiyo diski inaweza kugoma kabisa kuzama wakati wa ukavu. Iacheni isubiri mvua ya kulainisha na muitaje kwenye karatasi kama kipande cha pekee.

Baada ya hapo inabidi mkubaliane ni siku ipi inahesabiwa kuwa siku ya kazi. Bila hilo, mmoja atasema "kulikuwa na tope" na mwingine atasema "palikuwa pakavu, mbona wenzio walilima." Kuna kipimo cha kiganja ambacho wote wawili mnaweza kukifanya. Chimba kwa jembe mpaka kina ambacho chuma kitafika, chota udongo wa pale chini (si wa juu, wa juu hudanganya maana hukauka kwanza), ubane kwenye kiganja, kisha uachie na uusukume kwa kidole gumba. Ukivunjika chembechembe, ardhi iko tayari. Ukibaki donge linalong'aa, au ukiweza kuuviringisha ukawa uzi kama wa kufinyangia chungu, trekta lisiingie. Likiingia, matairi yatashindilia udongo, diski zitaupaka badala ya kuukata, na mabonge yakikauka yatakuwa matofali ambayo haro haiyavunji. Trekta likinasa ndipo unapokuja ugomvi mpya wa nani alipe trekta la pili la kulivuta.

Wewe unakaa mlimani, shamba liko chini. Taja kwenye mkataba mtu wa kukuwakilisha pale shambani, kijana wako au msimamizi, ambaye atafanya kipimo hicho pamoja na dereva asubuhi na atakayepiga picha. Usipomtaja, kila kitu kitategemea neno la dereva, na dereva ni mtu wa upande wa pili.

Kifungu chenyewe cha zamu ningekiandika hivi, mbadilishe namba ziwe za kwenu:

"Haro itapigwa kwa zamu hii: shamba la mwenye trekta, lisilozidi ekari 10, shamba la pili kwenye foleni, ekari 5, kisha shamba hili. Siku ya kazi ni siku ambayo udongo umepita kipimo cha kiganja saa mbili asubuhi. Zamu ya shamba hili inahesabiwa kuwa imefika siku ya tatu ya kazi tangu mvua za masika zianze, hata kama mashamba yaliyotangulia hayajakwisha. Zikipita siku mbili za kazi baada ya hapo trekta halijaingia, au likiingia likaharibika na zikapita siku mbili za kazi halijarudi, mwenye shamba yuko huru kutafuta trekta jingine. Atalipia sehemu iliyokwisha fanywa tu, atarudishiwa fedha ya kushika zamu, na kama trekta jingine ni ghali zaidi, mwenye trekta atafidia tofauti ya bei, isiyozidi sh. 100,000."

Sentensi ya "siku ya tatu ya kazi" usiiache. Watu wengi huandika "baada ya fulani" wakadhani wamemaliza, kumbe fulani anaweza kuwa na shamba lisilokwisha. Ekari 15 zilizo mbele yako ni kazi ya siku moja na robo ya haro. Ukimpa jirani yako mpaka mwisho wa siku ya pili umemwachia nafasi ya kutosha ya tairi kupasuka na dereva kuugua. Na kumruhusu aanze na shamba lake mwenyewe si udhaifu. Ataanza nalo hata usipoandika. Faida ya kuandika ni ile namba 10, ili shamba lake lisije likaota ekari za shemeji yake msimu ukiwa katikati.

Umeona sikuweka faini kubwa. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kiasi cha faini kilichoandikwa ni kikomo cha juu tu. Mahakama hutoa fidia ya haki isiyozidi hapo, kwa hiyo "atalipa milioni mbili akichelewa" ni kelele za karatasini. Tofauti ya bei ya trekta jingine inapimika na ina risiti, na jirani hawezi kusema umemkomoa. Zaidi ya hapo, unachokitaka ni shamba lipandwe. Haki ya kuondoka mapema na kutafuta trekta jingine, ukiwa na fedha yako mkononi, ina thamani kuliko fidia ya mwezi wa nane.

Sasa ekari. Nadhani hapa wewe na jirani yako wote mmesema kweli. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye upande wa mita 63.6. Kipimo cha kienyeji cha "70 kwa 70" kilikuwa cha hatua, au yadi, na yadi ni fupi kuliko mita. Hatua 70 ndefu za mtu mzima hukaribia mita 64, na hesabu inakubali. Siku hizi watu wanauziana mashamba kwa futi kamba wakitumia mita 70 kwa 70, ambazo ni mita za mraba 4,900. Kipande hicho bado kinaitwa ekari moja wakati kina ekari moja na fungu la tano.

Kama shamba lako lina mita 280 kwa 140, mtu wa "70 kwa 70" atahesabu vipande vinane na kuliita ekari 8. Lakini 280 mara 140 ni 39,200, ukigawa kwa 4,047 unapata 9.7. Aliyesema 9 na nusu alikupunguzia kidogo. Kwa bei ya mfano ya sh. 60,000 kwa ekari, ekari 8 ni sh. 480,000, na 9.7 ni sh. 582,000. Laki nzima imekaa katikati ya hatua na mita, na kila mmoja anaamini mwenzake ni mwizi.

Kwa hiyo pimeni pamoja kabla ya kusaini, kwa futi kamba ya mita 50, pande zote nne. Andikeni urefu na upana kwa mita, kisha muandike bei ya shamba zima: "kazi ya plau kwenye shamba hili ni sh. 580,000." Neno ekari mkilitaka liwepo kwa ajili ya foleni tu. Shamba likiwa na umbo la ajabu, programu ya simu ya kupimia eneo inatosha, mradi mzunguke mpaka mkiwa wote wawili na mkubali jibu mlilopata. Kama kuna kichuguu, miti au kona ambazo trekta haligeuki, semeni sasa kama zinatolewa kwenye hesabu au la. Kulipana kwa saa sikushauri kwa kazi ya plau. Mita za masaa za matrekta ya zamani huzunguka na mwendo wa injini, kwa hiyo hazilingani na saa ya mkononi, na dereva anayelipiwa saa hana haraka ya kwenda popote.

Bei ya shamba zima ina hatari moja: dereva akijua malipo hayabadiliki, atainua plau kidogo ili liende mbio na kuokoa dizeli. Andikeni kina, sentimita 20 au zaidi. Kipimeni kwenye ukuta wa mfereji wa mwisho, yaani kutoka uso wa ardhi ambayo haijalimwa hadi sakafu ya mfereji. Ukichomeka kijiti kwenye udongo uliokwisha pinduliwa utapata namba kubwa ya uongo, kwa sababu udongo ukilegea huvimba. Msimamizi wako apime mistari ya mwanzo, dereva akiwa bado anarekebisha mitambo, asisubiri jioni.

Fedha ningeigawa hivi. Kiasi kidogo cha kushika zamu, tuseme sh. 50,000, mnaposaini. Wewe ukijitoa kinabaki kwake, yeye akishindwa kinarudi. Theluthi moja ya bei asubuhi trekta likiwa limesimama shambani, maana hiyo ndiyo dizeli. Kinachobaki baada ya kukagua, ndani ya siku moja. Tumeni kwa simu, si mkononi, na ujumbe wa muamala usifutwe. Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa kisheria tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Chakula cha dereva na utingo nacho kitajwe ni cha nani. Ni jambo dogo, lakini nimeona plau likisimama saa nzima kwa sababu ya ugali.

Dizeli ndiyo inayoweza kuvunja bei mliyokubaliana Januari. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na jedwali lake lina bei ya Moshi. Andikeni bei ya dizeli ya siku mnayosaini, na kwamba kulima ekari moja mnakadiria lita 9. Dizeli ikipanda au kushuka kwa sh. 100 kwa lita, bei ya kulima inapanda au kushuka kwa sh. 900 kwa ekari. Ikipanda sh. 300, wewe wa ekari 9.7 utaongeza kama sh. 26,000, na hakuna haja ya kikao. Usikubali kununua dizeli wewe mwenyewe na kumkabidhi dereva kwenye madumu. Utajikuta unamlinda dereva badala ya kulinda kazi.

Kama mnataka ulipe kwa mahindi baada ya mavuno, sina ubishi, ila andikeni kilo. "Magunia manne" bila kilo ni kualika lumbesa.

Tuje kwenye diski. Kanuni ninayoitumia ni kumuuliza kila mmoja: nani alikuwa na uwezo wa kuliona hili kabla halijatokea? Trekta limekuja na dereva wa mwenye trekta, kwa hiyo yote yanayohusu hali ya mashine na uendeshaji ni ya mwenye trekta: oili, filta, rejeta iliyoziba makapi, klachi iliyoungua, beringi ya diski iliyokufa, tairi iliyokwisha. Wewe huna njia ya kuyajua wala kuyazuia. Kilichofichika ndani ya shamba ni chako: kisiki kilichofunikwa na nyasi, jiwe, nguzo ya mpaka iliyozikwa, bomba la maji. Weka vijiti vyenye kitambaa chekundu kila mahali unapojua pana kitu. Ukishaweka kijiti na dereva akapita juu yake, mzigo unahamia kwake. Hili liandikwe hivyo hivyo: "kilichowekewa alama ni cha dereva, kisichowekewa alama ni cha mwenye shamba."

Kabla chuma hakijagusa ardhi, msimamizi wako na dereva wazunguke mashine dakika kumi na simu. Wapige picha kila diski mbele na nyuma, matairi, na mita ya masaa. Washike kila diski na kuitikisa. Ikicheza na kutoa mlio, beringi imechoka na ijulikane kabla. Halafu wapime kipenyo. Diski mpya ya inchi 26 ina kama sentimita 66, nayo huliwa taratibu na udongo. Kubalianeni ni ukubwa gani inahesabiwa imekwisha, mfano sentimita 54.

Sasa ikivunjika kwenye kisiki kisicho na alama, unalipa, lakini hulipi diski mpya. Tuseme ilipimwa asubuhi ikawa na sentimita 60. Kati ya 66 na 54 kuna sentimita 12 za maisha yake, sita zimeshaliwa na mashamba mengine, sita zimebaki. Unalipa nusu ya bei ya dukani, kwa risiti ya duka la vipuri la Moshi mjini. Kudai bei nzima ni kumfanya jirani akununulie plau jipya kipande kwa kipande.

Na kabla ya kukubali kwamba ni kisiki, angalieni mvunjiko wenyewe papo hapo. Chuma kilichovunjika leo kina uso unaong'aa, wa kijivu, wenye chembechembe kama sukari. Ukiona sehemu ya uso huo ni ya kahawia au nyeusi na imefifia, huo ulikuwa ufa wa zamani. Ulikuwa ukitembea na plau shamba hadi shamba, na kwako umemalizikia tu. Huo si wako. Pigeni picha kwa karibu, saa ile ile, maana siku chache za unyevu zinatosha kuuvisha mvunjiko wote kutu, na ushahidi unapotea.

Muda wa matengenezo umeshakaa ndani ya kifungu cha zamu: siku mbili za kazi. Diski, beringi, tyubu au bomba la haidroliki ni vitu vya kwenda mjini asubuhi na kurudi mchana. Zikitajwa gia au pampu ya dizeli, usingoje hata hizo siku mbili kama mwenye trekta mwenyewe anakubali kwa ujumbe wa simu kwamba halirudi. Pimeni kwa mita sehemu iliyokwisha fanywa, lipa sehemu hiyo, mwite mwingine. Haro ikiishia nusu ya shamba, usipande nusu hiyo kwa hasira ukaacha nyingine bila mpango: andika kipimo na picha kwanza, kwa sababu ukishapanda hakuna atakayeona mpaka wa kazi ulikuwa wapi.

Haya yote ni kwa trekta linalokuja na dereva wake. Ukichukua mashine bila dereva, kama wafanyavyo wakulima wa mpunga wa Chekereni na Mabogini na pawatila zao, mambo yanageuka. Hapo mashine iko mikononi mwako, na sheria inakutaka uitunze kama mtu makini angetunza mali yake. Mwenye mashine naye, kwa kuwa anakodisha kwa malipo, anawajibika kwa madhara yatokanayo na kasoro ya mashine hata kama hakuijua. Huo uwe mkataba wa pekee wenye karatasi ya makabidhiano ya kwenda na kurudi. Msiuchanganye na huu.

Karatasi moja yenye pande mbili inatosha. Nakala mbili, sahihi zenu, shahidi mmoja kila upande, na mwenyekiti wa kitongoji mahali shamba lilipo, si kule unakoishi. Hakikisha anayesaini ndiye mwenye mamlaka juu ya trekta. Kama ni la ndugu watatu, au bado linadaiwa, mwombe akuonyeshe kwamba wenzake wanajua. Msipoelewana baadaye, deni la laki kadhaa ni la Mahakama ya Mwanzo, na hakimu atasoma kwanza vipimo na tarehe za picha zenu.

Kaeni Januari, shambani, mkiwa na futi kamba, si nyumbani kwake wala kwako. Na kabla hamjaanza ukurasa mpya, malizeni ile laki na nusu ya msimu uliopita. Diski ile kama bado iko uani kwake, haitawaambia kitu: imeshika kutu yote, ufa wa zamani na mvunjiko mpya havitofautiani tena. Hakuna aliyepima kipenyo, hakuna aliyepiga picha, na hakukuwa na vijiti. Kwa hali hiyo ningependekeza mgawane nusu kwa nusu, sh. 75,000 kila mmoja, ukate kwenye malipo ya plau la Februari au uongeze kutegemea kama ulishamlipa, na mstari wa kwanza wa mkataba useme kwamba hakuna deni la msimu uliopita kati yenu.